Bustani ya maharage ya darasa la tatu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo walimu wenzangu wananiuliza karibu kila muhula, kwa simu, kwenye magrupu ya Wasapu, hata stendi tukikutana. Mradi wenyewe ni mdogo, matuta mawili ya maharage, chupa za maji zilizotupwa, vizibo vya soda na daftari moja kwa kila mtoto, basi. Humo humo unafundisha kuhesabu na kupima, unafundisha sayansi ya mmea, na unapata sentensi za kuandika ambazo mtoto hajazitoa ubaoni. Mfano ninaoutumia ni wa darasa la tatu lenye watoto 72 kwa sababu ndo hali halisi ya shule zetu nyingi, kama wewe una 35 shukuru Mungu na ugawanye namba zangu kwa mbili.

Kwa nini maharage? Si mchicha unatoka haraka zaidi?

Unatoka haraka kweli, kwenye joto siku 3 mpaka 5 unauona, na baada ya wiki tatu nne unachuma. Kama shida yako ni mboga ya chakula cha mchana panda mchicha. Ila kwa kuhesabu haufai kabisa, mbegu zake ni ndogo mno, mtoto akijaribu kuhesabu kumi anamwaga mia, na zikishaota hujui ipi ya nani.

Harage mtoto analishika, analihesabu, analiona likivimba. Halafu linaota kwa namna ya kuonyesha kila kitu, linatoka udongoni shingo imejikunja, likinyooka linabeba zile nusu mbili za mbegu juu hewani, mtoto anaona kabisa kwamba ile mbegu aliyofukia ndiyo hii hapa imepasuka. Mahindi hayafanyi hivyo, mbegu inabaki chini na juu inatoka sindano ya kijani tu. Mbaazi nazo nusu zake zinabaki chini, kwa hiyo usije ukasema si zote jamii ya kunde, zitafanana tu.

Niko Dar, maharage huku hayazai. Nifanyeje?

Ni kweli, kwenye joto la pwani yanaota vizuri tu lakini maua yanadondoka. Panda kunde au choroko. Zote zinainua nusu za mbegu juu kama maharage, zinatoa majani mawili ya mwanzo halafu ya matatu matatu, kwa hiyo karibu kila kitu nilichoandika hapa chini kinabaki vilevile. Choroko ni ndogo kidogo kwa vidole vya watoto ila inakwenda.

Walioko Lushoto, Mbeya, Njombe, nyie hamna shida hiyo, shida yenu ni baridi, maharage yanaweza kuchukua siku kumi kabla hayajachomoza na watoto wanaanza kukata tamaa wanafukua. Waambie mapema.

Mbegu nanunua wapi na kiasi gani?

Sokoni, maharage ya kula, robo kilo inatosha na inabaki. Kwa watoto 72 tunapanda mbegu 120 tu, zinazobaki ni za kwenye chupa na za kurudishia. Chagua yale mafupi yasiyopanda miti, muulize muuzaji au mtu anayelima, kwa sababu yanayotambaa yatakuletea kazi ya kusimika vijiti na watoto watashindwa kupima shina linalojizungusha.

Hapa naomba msikilize. Usichukue mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa rangi, zile za pinki au nyekundu au bluu. Ile rangi inakuambia zimewekwa dawa, na mtoto wa miaka tisa atashika mbegu halafu atatia kidole mdomoni, ndivyo walivyo. Na hata hizi za sokoni waambie harage bichi haliliwi, hasa yale mekundu, machache tu yanaweza kumtapisha mtoto vibaya. Wakimaliza wote wananawa, na sabuni, maana sokoni nako kuna wanaohifadhi kwa dawa ya unga.

Matuta yawe na ukubwa gani na mashimo mangapi?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote, maana hesabu yote ya wiki ya kwanza iko hapa.

Tuta moja upana mita 1, urefu mita 3. Upana usizidi hapo, mtoto lazima afike katikati kwa mkono akiwa amechuchumaa pembeni, la sivyo atapanda juu ya tuta na kukanyaga. Weka ndoo mbili za lita 20 za samadi iliyooza sawasawa, ile ambayo haitoi joto wala harufu kali, changanya na udongo. Mistari miwili kwa urefu, mmoja sm 25 kutoka ukingo huu, mwingine sm 25 kutoka ukingo ule, kwa hiyo katikati yao panabaki sm 50. Shimo mpaka shimo sm 20, kila shimo mbegu mbili, kina kama pingili mbili za kidole cha mtoto, sm 3 au 4 hivi.

Sasa usiwaambie mashimo ni mangapi. Wape kamba ya mita 3 na rula na uwaulize. Wengi wataandika 300 gawanya kwa 20 ni 15, watakuambia mashimo 15, wakienda kuchimba wakianzia pembeni kabisa mwa tuta wanapata 16, na hapo ugomvi unaanza, kundi hili linasema mmekosea kupima, lile linasema nyie ndo hamjui kugawanya. Waache wagombane kidogo. Halafu simamisha watoto watano mbele wakiwa wamenyoosha mikono wakagusana, uliza watoto wangapi, watano, nafasi kati yao ngapi, nne. Ah. Kumbe kugawanya kulihesabu nafasi, na nafasi 15 zina mashimo 16.

Kisha waambie shimo la kwanza tusichimbe ukingoni, udongo utamomonyoka, tuanzie sm 10. Wahesabu tena: 10, 30, 50, 70 mpaka 290. Yanatoka 15. Mistari miwili ni 30, matuta mawili 60, mbegu mbilimbili 120. Wameshajifunza kuzidisha na kuhesabu kwa kuruka 20 bila wewe kuandika zoezi hata moja ubaoni.

Watoto 72 nje kwa pamoja si vurugu?

Ni vurugu, ndo maana hawatoki pamoja. Gawa makundi 12 ya watoto 6. Kila kundi lina mashimo 5 yake mwenyewe, yaani mbegu 10, na wanachomeka kijiti chenye namba ya kundi. Ukipiga hesabu kila upande wa tuta unakuwa na makundi matatu, sasa makundi matatu yakichuchumaa upande mmoja wa mita tatu ni watoto 18, hawaenei. Kwa hiyo yanatoka makundi manne kwa zamu, moja kila upande wa kila tuta, dakika kumi, wanaobaki wanaandika au wanachora chupa zao. Zamu tatu, nusu saa, kipindi kimeisha.

Ndani ya kundi kila mtu ana kazi: anayepima, anayehesabu, anayeandika kwenye karatasi ya kundi, anayebeba maji, anayesoma matokeo darasani, na mmoja anayeangalia wadudu. Badilisha kila wiki, usipobadilisha yule mwenye mwandiko mzuri ataandika mpaka Juni na wenzake watabeba maji.

Tuta liwe mahali unapoliona kutoka dirishani, hili sio la hiari kama uko peke yako.

Chupa za plastiki zinafanya kazi gani, si tunapanda nje?

Nje huoni mizizi. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, wewe mwalimu ikate sehemu ya juu, kata mwenyewe usiwape wembe. Ndani zungusha gazeti lililokunjwa likiwa limebana ukutani mwa chupa, katikati jaza gazeti lingine ili la kwanza lisisogee wala lisidondoke. Halafu penyeza mbegu nne kati ya gazeti na plastiki, kila moja ikae kivyake: moja kile kidoa chake kiangalie juu, moja chini, moja kulia, moja kushoto. Lowanisha gazeti, chini pabaki maji kidogo sana, kisha kila siku maji ya kifuniko kimoja au viwili, gazeti liwe na unyevu tu. Mbegu ikizama kwenye maji inaoza na chupa inanuka darasa zima.

Kabla hazijaota kila mtoto aandike anachodhani: mzizi wa ile iliyopinduliwa utaelekea wapi? Wengi wataandika utakwenda juu. Ndani ya siku tatu nne wanaona mzizi umetoka ukajikunja ukaelekea chini, zote nne, vyovyote ilivyokaa. Ukitaka kuwamaliza kabisa, mizizi ikifika sm 2 geuza chupa ilale ubavu na uifunge isimwagike, baada ya siku mbili ncha zimepinda tena. Hapo usiwakimbizie neno gumu, waache waandike "mzizi umegeuka umeenda chini", inatosha.

Chupa moja kwa kila kundi, 12 zote, na zinaokotwa hapo hapo uwanjani.

Kwenye daftari waandike nini hasa? Wangu wote wananakili ubaoni.

Kwa sababu umewaandikia ubaoni. Hahaha, samahani, lakini ni kweli. Ukiandika "Leo maharage yameota" watoto 72 wataandika leo maharage yameota, hata ambao yao hayajaota.

Dawa yake ni kila sentensi iwe na kitu ambacho mtoto hawezi kukipata kwa jirani. Mpe mwanzo tu:

Leo ni tarehe ___. Kwenye shimo langu naona ___. Mara iliyopita ilikuwa ___, leo ni ___. Nadhani ___ kwa sababu ___.

Namba yake inatoka kwenye shimo lake, kwa hiyo hata akinakili muundo namba ni yake. Na hiyo tofauti ya "naona" na "nadhani" ishikilie sana, ndo sayansi yenyewe ilipo. "Naona majani mawili yana rangi ya njano" ni jambo ambalo mwenzake anaweza kwenda kuhakiki. "Maji yamezidi" hajaona, amedhani, kwa hiyo linakwenda kwenye mstari wa nadhani. Mwanzoni wanachanganya, wataandika "naona mmea una njaa". Muulize njaa umeionaje, ina rangi gani? Atacheka, atarekebisha mwenyewe.

Kiswahili nacho kinapata chake maana bustani imejaa umoja na wingi: mbegu imeota, mbegu zimeota, jani limetoboka, majani yametoboka, mche umelala, miche imelala. Wiki hii sahihisha hilo moja tu, wiki nyingine herufi kubwa na nukta, ukipiga kalamu nyekundu kila kosa kwa pamoja wataanza kuandika sentensi fupi fupi za kujilinda.

Siku za kupima na kuandika ni mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Kila siku ni nyingi, mabadiliko yanakuwa madogo na wanachoka.

Mbegu za kundi moja zimegoma kuota, watoto wanalia. Nipande nyingine usiku kimyakimya?

Usifanye hivyo jamani, umepata somo la bure unataka kulifukia.

Tuseme siku ya kumi makundi yako 12 yameleta idadi ya zilizoota kati ya kumi hivi: 8, 9, 7, 10, 9, 3, 8, 9, 10, 8, 9, 9. Kwanza wajumlishe, 99. Zilizopandwa 120, ambazo hazijaota 21. Halafu wapange vizibo vya soda mezani au sakafuni, kila kundi mnara wake wa vizibo kwa idadi yake, bila kuchora chochote kila mtoto anaona mnara wa kundi la sita umezama. Kisha ndo wachore kwenye daftari la miraba, mraba mmoja kizibo kimoja.

Sasa kundi la sita, kwa nini 3? Wataje wanachodhani, andika yote, halafu nenda nao wafukue taratibu yale mashimo matupu. Udongo utawajibu:

Mbegu laini, imeoza, inanuka: maji yamezidi, au pale ndo maji ya bomba yanapotuama. Mbegu ngumu kama ulivyoifukia: haijapata maji, mara nyingi mashimo ya mwisho ambayo kopo linafika likiwa tupu. Mbegu imeota lakini shingo imevunjika au imejikunja chini ya gamba la udongo: ilifukiwa chini sana au udongo umekauka ukafunga juu. Hamna mbegu kabisa: kuku, panya, au mtoto aliyefukua jana kuangalia kama imeota, huyu wa tatu yupo kila mwaka.

Wakishajua, warudishie mbegu mpya kwa kurekebisha kile kitu kimoja na kwenye daftari waandike tarehe mpya. Hapo kundi la sita linakuwa na habari ya kusoma mbele kuliko wale waliopata kumi kwa kumi.

Mtoto ameandika Jumatatu sm 11, Alhamisi sm 9. Afute?

Asifute. Achore mstari mmoja juu yake ili isomeke, arudi kupima mbele ya mwenzake. Sababu ni zilezile kila mara. Rula nyingi sifuri yake haiko ukingoni, inaanza ndani kidogo, na kuna watoto wanaanzia kwenye 1, huyu anakuwa na sm moja ya zawadi. Au juzi alipima mpaka ncha ya jani alilolinyoosha kwa mkono na leo amepima mpaka kwenye kichipukizi. Au mmepalilia mkainulia udongo shinani.

Kwa hiyo kubalianeni darasa zima: tunapima kutoka udongoni mpaka kwenye kichipukizi cha juu, majani hatuyanyooshi. Chomeka kijiti pembeni mwa mche na utie alama ya kalamu usawa wa udongo siku ya kwanza, baadaye pima kutoka kwenye alama hata udongo ukipanda au ukishuka.

Kwa watoto ambao rula bado inawapiga chenga kuna njia nzuri sana. Mtoto anasimamisha ukanda wa karatasi pembeni mwa mche, anakata usawa wa kichipukizi, anaandika tarehe, anabandika ukutani. Alhamisi anakata mwingine anabandika pembeni. Baada ya wiki tatu ukutani kuna grafu na hakuna aliyemfundisha grafu. Zile kanda wapime kwa rula wakiwa mezani, ni rahisi kuliko kuinama kwenye jua.

Mche wa chupani ni mrefu kuliko wa nje! Watoto wanasema kivulini ndo kuzuri.

Subiri, usiwakatalie. Walichoona ni sahihi, mmea ukikosa mwanga unarefuka haraka kuutafuta, kwa hiyo namba yao ya sm iko sawa, ila urefu peke yake hautoshi kusema mmea uko vizuri.

Wape vitu vingine vya kupima kwenye mche wa chupani na wa nje wa umri uleule. Idadi ya majani. Upana wa jani kubwa kuliko yote. Rangi, wakoroge kijani na njano za penseli waone ipi inafanana. Unene wa shina, zungusha uzi shinani mara tano halafu nyoosha uzi upime, maana kuzungusha mara moja tu ni kufupi mno kwa rula. Watakuta wa chupani ni mrefu, mwembamba, umepauka, na ukiupuliza unalala. Halafu uliza tena upi uko vizuri na kwa nini, waandike sentensi mbili. Kwa maoni yangu kama ungekuwa na muda wa somo moja tu kwenye mradi mzima, ningekuambia fanya hili.

Lile jani la matatu tuhesabu moja au matatu?

Kwa mtaalamu ni jani moja lenye vijani vitatu, kwa sababu vyote vimeshikwa na kikonyo kimoja kinachotoka shinani. Ila kabla ya kusema hivyo waulize wao na waamue sheria ya darasa. Wakiamua kuhesabu vijani, una jedwali la tatu hapo: vikonyo 4 mara 3 ni 12, jumlisha yale mawili ya mwanzo ambayo ni mazima kama moyo, 14. Watoto wanakosea hapo kwa sababu wanazidisha na yale mawili pia.

Miche imeanguka ghafla asubuhi, shina limekatika usawa wa udongo.

Angalia pale lilipokatika. Kama pamenyauka, pamekuwa kahawia na laini kama pameoshwa, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaopenda udongo uliojaa maji. Punguza maji, mwagilia asubuhi badala ya jioni, ng'oa miche iliyoanguka. Kama limekatwa safi kama kwa mkasi fukua udongo pembeni kidogo, utamkuta funza mnene amejikunja, anakata usiku. Watoto wanafurahi sana kumtafuta huyo.

Wadudu wadogo weusi waliojaa kwenye vichipukizi ni vidukari. Dawa za kupuliza msitumie, hawa ni watoto na baadaye mtakula. Wahesabu kwanza kwenye kichipukizi kimoja, halafu wawasugue kwa vidole au wawaoshe kwa maji ya sabuni kidogo. Kichipukizi kimoja waache makusudi na waangalie kama mdudu kibibi, yule mwekundu mwenye madoa meusi, atakuja kula. Akija wahesabu tena.

Wikiendi na likizo nani anamwagilia?

Wikiendi tandaza majani makavu juu ya tuta, Ijumaa mwagilia vizuri, itafika Jumatatu. Ukipanda na masika, katikati ya Machi, mvua inakusaidia kazi yote na maharage yanakauka mwanzoni mwa Juni kabla shule hazijafungwa. Ukichelewa mpaka Aprili yatakauka wakiwa likizo na watakuja kuyavuna wengine. Hapo ujue mtachuma mabichi tu.

Kuku je? Matawi ya miiba kuzunguka tuta wiki mbili za mwanzo. Mbuzi ni suala la kuongea na mwenyekiti wa mtaa.

Mzazi amekuja juu, anasema mwanawe hakuja shule kulima.

Msikilize, ana sababu. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya 1967 shule zetu zimekuwa na mashamba, na wengi tumekua tukijua shamba la shule kama kazi ya mchana kwenye jua ambayo hakuna aliyekuambia umejifunza nini. Mwonyeshe daftari la mtoto. Kama daftari lina tarehe, namba, mchoro na sentensi, maneno yataisha hapo hapo. Kama halina, basi mzazi yuko sahihi na wewe rekebisha.

Na jambo moja ambalo mimi silikubali hata kidogo: kumpeleka mtoto kumwagilia kama adhabu. Ukifanya mara moja tu bustani imeshakuwa jela na hakuna atakayeandika "naona" kwa raha tena.

Nina darasa la kwanza na la pili, inawezekana?

Inawezekana, punguza tu. Rula hamna, tumieni kanda za karatasi. Kila mtoto mbegu mbili kwenye kopo, ahesabu majani, achore, aandike neno moja au sentensi moja chini ya mchoro. Jambo la mashimo 15 na 16 liache kabisa.

Maharage yakishatoa maua ndo mwisho wa kuangalia?

Hapana, kuna kitu watu wengi wanakiruka. Maua yakishatoka, wiki ya sita hivi, ng'oa mche mmoja kwa kila tuta, usiuvute, chimba pembeni uinue na udongo wake, uoshe mizizi kwenye beseni. Utaona vinundu vidogo vya mviringo vimeshika mizizini. Watoto watasema ni ugonjwa au mayai ya wadudu. Wavihesabu, halafu wewe pasua vichache kwa wembe. Ndani vikiwa na rangi ya waridi mpaka nyekundu, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kuchukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Vikiwa vyeupe bado vichanga, vikiwa kijani au kahawia vimeshachoka. Na usipokuta hata kimoja nayo ni habari, pengine hapo hakujawahi kupandwa maharage, au mliweka samadi nyingi mno mmea ukaona hauna haja.

Mavuno wahesabu hivi: kila mtoto ganda moja, afungue, ahesabu mbegu, kizibo kimoja kiende kwenye mnara wa namba yake. Minara itakuwa mirefu kwenye 4, 5 na 6. Halafu kundi lihesabu mbegu zote za mashimo yake matano, waandike walipanda ngapi na wamepata ngapi. Chagua mia na hamsini zisizo na tundu za bungua, zikauke sawasawa juani, tia kwenye chupa kavu, funga kifuniko kabisa, bandika karatasi ya tarehe na jina la darasa. Hizo ni za darasa la tatu wanaokuja. Zilizobaki zipelekwe jikoni kwa mpishi.